Mstari mmoja kwenye kitabu cha benki

"Kitabu sijakiapdeti miaka miwili, leo pale Kariakoo kimeprinti mstari mmoja tu, imekatwa 65,000, nimeibiwa?"

Hapana dada, usiseme hivyo bado. Kitabu kikikaa muda mrefu, baadhi ya mifumo inajumlisha miamala yote ambayo haikuprintiwa na kukutolea tofauti tu, kwa hiyo huo huenda sio muamala mmoja. Omba stetimenti kuanzia tarehe ya mstari wa mwisho wa zamani, na salio la kuanzia lazima lilingane na la kitabu. Mfano kitabu kiliishia 420,000, stetimenti ina uliyoweka 150,000, uliyotoa 200,000, makato 15,000, basi 420,000 + 150,000 - 200,000 - 15,000 = 355,000, yaani ile 65,000 iliyopungua imepata maelezo. Ila jumla kulingana haitoshi kabisa, pitia kila utoaji, usioukumbuka ndio wa kuulizia kaunta.