Barafu ya friza hutoka wapi?

"Friza yangu ya kusimama inajaa barafu hadi droo ya juu haitoki, na mlango nao haushiki vizuri. Nimepunguza baridi lakini wapi! Je, gesi imezidi?"

Gesi haiwezi kuzidi yenyewe, kwa kuwa imo ndani ya mabomba yaliyozibwa. Barafu unayoiona ni maji yaliyoingia na hewa ya nje kupitia mlango, na yakishaingia hayatoki. Dhana kwamba barafu nene ni dalili ya friza yenye nguvu imeenea sana, nayo ndiyo inayowafanya watu wazungushe swichi ya baridi badala ya kuutazama mlango. Hali halisi ni kinyume chake: barafu hiyo hufunika mabomba na kuyatenga na chakula, hivyo kompresa hulazimika kufanya kazi muda mrefu zaidi. Kupunguza baridi nako hakusaidii sana, kwa sababu hata kwenye nyuzi 12 chini ya sifuri, karibu unyevu wote wa hewa inayoingia hugandia humo.

Katika mji wa pwani kama Dar es Salaam au Mombasa, hewa yenye joto la nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80 hubeba takriban gramu 24 za maji katika kila mita ya ujazo. Ikipoa hadi nyuzi 18 chini ya sifuri, hubakiza gramu moja tu. Tuchukue friza ya lita 200: hata ukifungua mlango na hewa yote ibadilike, kinachobaki ndani ni maji ya kijiko kimoja cha chai. Ili kupata kilo mbili za barafu kwa njia hiyo, ungehitaji kufungua zaidi ya mara 400. Upenyo unaopitisha lita mbili tu za hewa kwa dakika, mchana na usiku, hukamilisha kilo hizo mbili kwa mwezi mmoja.

Hewa hupitaje wakati mlango umefungwa? Anayefungua kopo la maziwa hutoboa matundu mawili, kwa sababu tundu moja likiwa peke yake maziwa hutoka kwa kusitasita. La pili huingiza hewa ya kujaza nafasi. Hewa baridi ni nzito, nayo hufanya kama maziwa hayo: hutiririka kupitia upenyo wa chini, na hewa ya joto yenye unyevu huingia kupitia ule wa juu. Ndiyo maana barafu laini, nyeupe kama chumvi, huanzia mara nyingi kwenye kona ya juu upande wa mshikio. Ikishaganda pale, husukuma droo mbele, droo husukuma mlango, na upenyo huzidi kupanuka.

Kwa sababu hiyo, yeyusha kwanza, kisha ndipo uchunguze bawaba. Huenda barafu yenyewe ndiyo iliyozuia mlango. Chomoa waya kwenye soketi, funga chakula pamoja ndani ya blanketi, weka sufuria ya maji moto juu ya kitambaa ndani ya friza, na mlango ubaki wazi. Usitumie kisu wala bisibisi. Katika friza nyingi za aina hii rafu zenyewe ndizo mabomba, na gesi ya R600a iliyomo katika mashine nyingi za sasa huwaka moto.

Ndani kukikauka, funga mlango na utazame mstari kati ya ukingo wake wa juu na kabati. Mstari ukiinama kuelekea upande wa mshikio, mlango umelegea. Fungua kifuniko cha bawaba ya juu, legeza skrubu kidogo, mwambie mtu aunyanyue mlango hadi mstari ulingane, kisha kaza. Ukiendelea kushuka, chunguza pete ya plastiki kwenye pini ya bawaba ya chini, kwani hulika taratibu.

Kisha bana noti mlangoni na uivute, ukirudia kuzunguka pande zote. Mahali inapochomoka bila ukinzani, osha mpira kwa maji ya uvuguvugu na sabuni; ukiwa umejikunja, upashe joto kwa kikaushia nywele na uunyooshe kwa vidole. Jaribio hili si hakika kabisa, kwa kuwa mpira uliochanika kwenye mkunjo huweza kuishika noti na bado ukapitisha hewa. Mwisho, inua miguu ya mbele kidogo ili mlango uelekee kujifunga wenyewe.

Maelezo haya yanahusu friza inayoyeyushwa kwa mkono. Katika ile inayojiyeyusha yenyewe, barafu ikirundikana kwenye ukuta wa nyuma pekee ilhali noti inashikwa kila upande, mshukiwa wa kwanza ni hita ya kuyeyushia au kihisi chake, na hiyo ni kazi ya fundi mwenye mita.