Asilimia nane kwa siku: nane ya nini?

Mteja wangu mmoja, mwenye nyumba iliyo nje kidogo ya mji, alinipigia simu akiwa bado na begi la safari mkononi. Siku 10 kabla alikuwa amejaza tangi lake la plastiki la lita 5,000, akafunga nyumba na kuondoka na familia yote. Alijua kwamba tangi linavuja, kwa sababu siku moja kabla ya safari alilipima kwa ufito asubuhi, akalipima tena asubuhi iliyofuata, akaona maji yameshuka sentimita 16. Kisha akalijaza tena na kwenda zake. Alichotaka kujua sasa ni kama kuna mtu aliyekuwa akichota maji yake, kwa maana hesabu aliyoifanya na hesabu aliyofanyiwa na mpwa wake hazikulingana, na ufito wenyewe haukukubaliana na yeyote kati yao.

Tangi lile lina kipenyo cha sentimita 178 hivi, kwa hiyo kila sentimita moja ya kina ni karibu lita 25, na likijaa maji husimama kwenye sentimita 200. Sentimita 16 ni lita 400, na lita 400 katika 5,000 ni asilimia 8. Hadi hapo wote wawili walikuwa wanakubaliana. Mwenye nyumba aliendelea kama wengi wetu tunavyofanya: asilimia 8 kwa siku, mara siku 10, ni asilimia 80, basi zimebaki asilimia 20, yaani lita 1,000. Mpwa wake, ambaye yuko kidato cha nne, alimwambia, “Mjomba, hiyo asilimia 8 ya siku ya pili si ya tangi lililojaa, ni ya maji yaliyobaki.” Kwa hesabu yake, kila asubuhi hubaki asilimia 92 ya maji ya jana, kwa hiyo siku ya kwanza zinabaki lita 4,600, siku ya pili 4,232, siku ya tatu karibu 3,893, na kuendelea hivyo:

```
V = V0 × (1 − p)^n
V = 5000 × 0.92^10 = 2172
```

Tofauti kati ya wawili hao ni zaidi ya lita 1,170, na yote imetokana na swali moja ambalo hakuna aliyeliuliza kwa sauti: asilimia 8 ya nini? Kwenye kitabu cha shule swali hilo hujibiwa na maneno ya mtunzi wa zoezi. Akiandika “asilimia 8 ya ujazo wa tangi”, unatoa lita 400 zilezile kila siku na tangi linakauka baada ya siku 12 na nusu. Akiandika “asilimia 8 ya maji yaliyopo”, unazidisha kwa 0.92 kila siku, na kwenye karatasi tangi halikauki kamwe. Kwenye tangi halisi hakuna mtunzi wa zoezi, na jibu hutolewa na tundu lenyewe: liko wapi, na maji yaliyosimama juu yake yana kimo gani.

Maji hutoka kwenye tundu kwa sababu ya uzito wa maji yaliyo juu yake. Mwitalia Evangelista Torricelli alichapisha kanuni yake mwaka 1644: kasi ya maji yanayotoka kwenye tundu hufuata kipeuo cha pili cha kimo cha maji juu ya tundu hilo. Kimo kikipungua hadi robo, kasi hupungua hadi nusu tu, wala haipungui hadi robo. Hapo ndipo hesabu ya mpwa inapokosea, kwa kuwa yeye amechukulia kwamba maji yakibaki nusu, mvujo nao utakuwa nusu, na kumbe bado ni asilimia 71 hivi ya ule wa siku ya kwanza. Mjomba naye amekosea kwa upande wa pili, kwa kuchukulia kwamba mvujo haupungui kabisa.

Kwa tangi lenye kuta zilizonyooka, kanuni hii inaleta urahisi ambao huupendi mpaka uuzoee: kinachopungua kwa kiasi kilekile kila siku si maji, wala si asilimia, bali ni kipeuo cha pili cha kimo. Baada ya siku ya kwanza kimo kilikuwa 0.92 ya kile cha mwanzo, na kipeuo cha pili cha 0.92 ni karibu 0.959. Kwa hiyo kila siku kipeuo kinapungua 0.0408. Siku 10 ni 0.408, kinabaki 0.592, nacho ukikizidisha kwa chenyewe unapata 0.35.

```
V = V0 × (1 − n × (1 − √0.92))²
V = 5000 × 0.592² = 1750 (takriban)
```

Lita 1,750 ni sentimita 70 za kina. Nilipofika nilipima mwenyewe nikapata sentimita 72, yaani lita 1,800. Hakuna aliyechota. Mvujo ulikuwa kwenye plagi ya kuoshea tangi, chini kabisa, ambako mpira wake ulikuwa umekatika upande mmoja na kuacha upenyo ambao ungeweza kupitisha sindano nene. Nilikisia kwa hesabu kwamba tundu la duara lenye kutoa lita 400 kwa siku chini ya mita mbili za maji lina kipenyo cha milimita 1.3 tu, jambo ambalo watu hulikataa mpaka wakinge kikombe: lita 400 kwa siku ni sawa na kujaza kikombe cha robo lita kwa chini ya dakika moja, usiku na mchana. Zile sentimita mbili zilizozidi hesabu yangu sizishangai. Upenyo ule ulikuwa mrefu na mwembamba kuliko tundu la duara, na katika upenyo wa namna hiyo maji hukwaruzana na kingo, hivyo mvujo hupungua upesi kidogo kadiri kimo kinavyoshuka.

Kwa kweli iko mivujo ambayo mpwa angekuwa sahihi kabisa, au karibu sana na hapo. Maji yanapopenya polepole kupitia ufa wa unywele kwenye sakafu ya tangi la zege, au kupitia lipu iliyochoka, mwendo wake hufuata kimo chenyewe na si kipeuo chake. Kimo kikiwa nusu, mvujo nao ni nusu, na asilimia ya kila siku inabaki ileile. Kwa hiyo sipendi kusikia watu wakisema kwamba hesabu ya kuzidisha kwa 0.92 ni ya darasani tu. Ina mahali pake, ila mahali hapo si kwenye plagi ya tangi la plastiki.

Mahali ambapo mjomba angekuwa karibu na ukweli ni pengine kabisa, napo hupatikana katika nyumba nyingi. Chukua tangi lilelile, ulipandishe juu ya mnara wa mita 6, kisha uweke mvujo usawa wa ardhi, kwenye bomba au kwenye boya la tangi la choo lisilofunga vizuri. Sasa kimo juu ya tundu si mita 2, ni mita 8, na tangi likikauka kabisa bado kuna mita 6 za maji ndani ya bomba zinazosukuma. Mvujo wa tangi linaloelekea kukauka ni asilimia 87 hivi ya mvujo wa tangi lililojaa. Ikiwa siku ya kwanza umepoteza sentimita 16 zilezile, basi baada ya siku 10 zitabaki lita 1,180 hivi, na siku ya 13 au ya 14 mnara uko mtupu. Yule aliyezidisha 8 kwa 10 hakukosea sana.

Tundu likiwa katikati ya ukuta, mambo hugeuka tena. Tuseme ufa uko sentimita 100 kutoka chini, na siku ya kwanza maji yameshuka sentimita 16. Kimo kinachosukuma ni sentimita 100 tu, kwa hiyo mvujo unadhoofika haraka, na siku ya 12 maji yanafika usawa wa ufa na kukoma hapo. Lita 2,500 zitakaa siku zote, hata ukisafiri mwaka mzima. Nimewahi kuitwa mara mbili kwa tangi ambalo mwenyewe aliapa kwamba “limejiponya”. Kila mara alama ya unyevu ukutani ilikuwa inaishia palepale maji yaliposimama.

Kwa sababu hiyo, kabla ya kukokotoa chochote mimi hufunga valvu ya kutolea maji, ile iliyo karibu kabisa na tangi, na kuiacha imefungwa usiku kucha. Kiwango kikisimama, mvujo uko mbele ya valvu, kwenye mabomba, na hesabu ya mjomba inafaa kwa makadirio. Kikiendelea kushuka, mvujo uko kwenye tangi lenyewe. Hapo napima siku moja tangi likiwa limejaa na siku nyingine likiwa limefika nusu. Nikiona sentimita 16 juu na sentimita 11 hivi katikati, ni tundu la wazi karibu na chini; nikiona 8 katikati, ni unyevu unaopenya polepole; nikiona 15 au 16 pote pawili, narudi kuikagua valvu, kwa maana mara nyingi ndiyo yenyewe haifungi.

Kupima nako kuna hila yake. Ufito unaoloana hupandisha unyevu na kukudanganya sentimita nzima, na sentimita moja katika 16 inatosha kuibadilisha asilimia 8 kuwa 7.5 au 8.5, na ukiipeleka siku 10 mbele kwa hesabu ya mpwa, matokeo yanatofautiana kwa lita 240 hivi. Mimi hutumia mpira mwangavu, ule wa levo ya maji wanaotumia waashi, nikiufunga kwenye bomba la chini na kuusimamisha kando ya tangi, na maji hujionyesha yenyewe ndani yake. Pia sipimi kwenye mabega ya tangi, pale linapoanza kuingia ndani kuelekea mfuniko, kwa kuwa huko sentimita moja si lita 25 tena.

Mwenye nyumba alifanya kosa moja la mwisho tulipokuwa tukisubiri mpira mpya wa plagi. Alichukua asilimia 64 zilizopotea, akagawanya kwa siku 10, akaniambia kwamba mvujo wake ni asilimia 6.4 kwa siku, kumbe umepungua. Nilimwomba azidishe: ukianza na tangi lililojaa na kutoa asilimia 6.4 ya kilichobaki kila siku, baada ya siku 10 zinabaki asilimia 52, si 36. Ili zibaki 36 inabidi utoe asilimia 9.7 ya kilichobaki kila siku, ambayo ni zaidi ya ile 8 ya siku ya kwanza. Alinitazama kana kwamba nimemwongezea tundu. Lakini ndivyo ilivyo: lita zilizovuja zilikuwa zikipungua kila siku, na maji yaliyobaki yalikuwa yakipungua kwa kasi zaidi, hivyo sehemu inayopotea katika kilichobaki ilikuwa inakua. Siku ya kwanza zilikwenda lita 400 katika 5,000. Siku ya kumi zilikwenda lita 250 hivi, lakini katika 2,000 tu, yaani zaidi ya asilimia 12.

Mpira mpya ulifungwa saa tisa alasiri. Tuliweka alama kwenye ule mwangavu kwa kalamu ya wino, na kesho yake asubuhi maji yalikuwa bado yameigusa.