Wauguzi wawili, wagonjwa 30: kiongozi wa zamu aamue mapema nini kitaachwa usiku huu

Hali yenyewe wengi wetu huku Malindi tunaijua. Zamu ya usiku ilipangiwa wauguzi wanne, mmoja amepiga simu anaumwa, mwengine kapanda ambulensi kumsindikiza mgonjwa wa rifa kwenda Mombasa, na hizo ni kilomita kama 120 kwenda tu, kwa hivo usimhesabu mpaka alfajiri. Lamu ndio zaidi manake mgonjwa avushwe kwa boti mpaka Mokowe kwanza ndio barabara ianze. Umebaki wewe inchaji, muuguzi mmoja na mwanafunzi mmoja, na wodi ya watu wazima ina wagonjwa 30.

Mimi kazi yangu ni kufundisha viongozi wa zamu na jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni hili: usiku kama huo kuna kazi hazitafanyika, hilo halina mjadala, swali ni nani anachagua zipi. Inchaji asipochagua mapema, kila muuguzi atachagua kivyake saa tisa usiku akiwa amechoka, kimyakimya, na kinachoachwa kimyakimya mara nyingi ni kile kisichopiga kelele, yaani kumwangalia mgonjwa aliyetulia. Utafiti mmoja mkubwa wa nchi 9 za Ulaya uliochapishwa 2014 kwa wagonjwa wa upasuaji uliona kila mgonjwa mmoja zaidi anayeongezwa kwa muuguzi, uwezekano wa mgonjwa kufa ndani ya siku 30 unapanda kwa asilimia 7. Ulaya sio kwetu, lakini njia ni ileile, dalili za mgonjwa kuzidiwa zilikuwepo na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuziona.

Sasa tuifanye hiyo zamu pamoja. Hendova usiipokelee mezani, tembeeni kitanda kwa kitanda nyote watatu na wa mchana, na kila mgonjwa mpe rangi, nyekundu kwa anayetaka kuangaliwa kila saa, kijani kwa aliyetulia. Tuseme mmepata wanne wa nyekundu: mama wa nimonia aliye kwenye oksijeni anapumua mara 28 kwa dakika, mzee wa sukari aliye kwenye dripu ya insulini, kijana aliyekuwa na degedege jioni, na dada mwenye damu pungufu ambaye daktari ameandika aongezwe damu. Hao wanne wahamishieni vitanda vya karibu na meza ya wauguzi sasa hivi kabla kazi haijaanza, hata kama ni usumbufu, kwa sababu usiku mtatumia macho na masikio kuliko miguu.

Halafu piga hesabu. Mgonjwa wa nyekundu anatakiwa kuangaliwa kila saa, na kumwangalia vizuri ni kama dakika 10, wanne ni dakika 40 za kila saa. Yaani muuguzi mmoja amekwisha, na mwengine amebaki na wagonjwa 26 akisaidiwa na mwanafunzi. Ukishaiona hesabu hiyo ndio unapiga simu, sio kabla. Mpigie afisa wa uuguzi wa zamu na usimwambie "tumezidiwa jamani", hilo amelisikia kila wodi. Mwambie: niko na wauguzi wawili kwa wagonjwa 30, wanne wanataka kuangaliwa kila saa, naomba muuguzi mmoja kutoka saa nne mpaka saa nane usiku au mzee wa insulini ahamishiwe chumba cha uangalizi. Andika kwenye ripoti saa uliyopiga, umeongea na nani, na umejibiwa nini. Hata ukijibiwa hapana iandike.

Simu ya pili ni ya daktari au klinikal ofisa, na hii watu wanaisahau sana. Muulize ni nani kati ya hawa anaweza kutoka dawa ya mshipa akaanza ya kumeza, kwa sababu sindano moja ya mshipa kuichanganya na kuipeleka inakula muda na ukiondoa sita umepata karibu saa nzima. Muulize pia yule dada wa damu anaweza kungoja asubuhi? Kama hahemi kwa shida na mapigo yametulia pengine ndio, kama anahema kwa shida ni usiku huuhuu. Na ikiwa ni usiku, usiitoe damu kwenye friji mpaka kuwe na mtu wa kusimama naye dakika 15 za mwanzo, manake mizio mikali mara nyingi hujitokeza hapo, na mfuko ukishatoka uanze ndani ya nusu saa na uishe ndani ya saa nne.

Vitu visivyoachwa hata mkiwa wawili: insulini, dawa ya degedege, antibiotiki ya mgonjwa ambaye maambukizi yameingia kwenye damu, na kumgeuza mgonjwa asiyeweza kujigeuza. Kugeuza, jamaa wa mgonjwa anaweza kusaidia akionyeshwa, kulisha pia, isipokuwa mgonjwa anayepaliwa. Vinavyongoja: kuogesha, kubadilisha mashuka yasiyo machafu, kupanga stoo, kujaza rejista za takwimu. Yaseme kwa sauti mbele ya timu, "leo hatuogeshi, nimeamua mimi", ili asubuhi muuguzi mdogo asilaumiwe peke yake.

Utajuaje mpango umevunjika? Fungua chati saa nane usiku uangalie safu ya pumzi. Ukikuta 20, 20, 20 kwa kila mgonjwa, hakuna aliyehesabu. Kuhesabu pumzi ni dakika nzima ukitazama kifua, na mtu mzima akifika 25 au akishuka mpaka 8, hiyo peke yake yatosha kumwita daktari hata presha ikiwa nzuri. Usigombane na aliyeandika 20 zile, jua umempa wagonjwa wengi mno, mpunguzie, hao wa kijani waliotulia kabisa wapimwe mwanzo wa zamu na alfajiri basi.

Mapumziko nayo yaweke kwenye mpango na saa zake, sio "ukipata nafasi", kwa sababu nafasi haitapatikana. Kila mmoja dakika 30 kati ya saa saba na saa tisa, alale dakika 20 kama anaweza, ale, anywe maji. Muombe muuguzi wa wodi ya jirani awe tayari kuitwa wakati huo, na dawa za kuhakikiwa na watu wawili kama insulini na potasiamu zipangeni nje ya saa hizo. Aliyeamka asipewe kukokotoa dozi papo hapo, mpe dakika 15 akili irudi. Wewe inchaji pia unaenda, ukikataa wao watakataa.

Asubuhi hendova ianze na orodha ya yaliyoachwa: kitanda cha 7 hakuogeshwa, cha 12 kidonda hakikufungwa. Halafu dakika tano pembeni na timu, kila mtu aseme lililomkaa moyoni, manake kumwacha mgonjwa anayekuita kwa sababu mwengine anakufa ni jambo linalomtafuna muuguzi siku nyingi. Aliyetoka zamu asiendeshe pikipiki mwenyewe kurudi nyumbani, apande tuktuk.

Na rota ya mwezi iangalie jina moja moja. Kila zamu ikipungua anapigiwa yuleyule asiyejua kukataa, dadetu mmoja mpole, mpaka siku anaandika barua ya kuacha kazi na wodi inabaki na pengo kubwa zaidi. Weka daftari la waliopigiwa simu siku zao za ofu, aliyekuja mara ya mwisho jina lake liende chini kabisa.