Siku za akiba zilivyotudanganya kwenye unga wa ngano

Kila Jumamosi asubuhi, kabla mlango haujafunguliwa, mwenye duka moja la jumla hapa Chake Chake hupokea karatasi moja kutoka kwangu. Zamani nilikuwa nikimpelekea kurasa sita zilizotoka kwenye kompyuta: kila bidhaa, bei yake, kilichoingia na kilichotoka. Alikuwa akizikunja na kuziweka chini ya kikokotoo. Sikumlaumu, maana hata mimi nikiziangalia sikuona wapi pa kushika. Sasa karatasi ina bidhaa kumi zinazobeba sehemu kubwa ya mauzo yake, na kwa kila bidhaa kuna vipimo vitatu: siku za akiba, siku kavu, na hesabu ya mkono ikilinganishwa na ya kompyuta. Chini kabisa kuna mstari mmoja wa mzigo uliolala.

Nitaeleza vipimo hivyo kwa kufuata bidhaa moja, unga wa ngano wa mapolo ya kilo 25, kwa sababu ndio uliotufunza kwamba kipimo kimoja kikisomwa peke yake kinaweza kumpoteza mtu.

Siku za akiba ni swali jepesi: tukiendelea kuuza hivi tunavyouza, mzigo uliomo ghalani utatufikisha siku ngapi? Unachukua kilichopo, unagawa kwa wastani wa mauzo ya siku. Mwanzo tulikuwa tukiipiga kwa ghala zima, thamani ya mzigo wote kugawa kwa gharama ya mauzo ya siku moja, na jibu likitoka kama siku 30. (Ukifanya hivyo, tumia bei ya kununulia pande zote mbili. Ukigawa mzigo wa bei ya kununulia kwa mauzo ya bei ya kuuzia, siku zitaonekana chache kuliko zilivyo.) Siku 30 zilimtuliza mzee mwenye duka. Nilipomwambia nina wasiwasi na unga, alinionesha mlango wa ghala kwa mkono.

"Mwanangu, ghala limejaa hata pa kupita hapana. Unaniambia nini?"

Ghala lilikuwa limejaa kweli, ila lilijaa tende zilizobaki Ramadhani na chupa za chai zilizoagizwa kwa ajili ya Idi. Wastani wa ghala zima unachanganya kilichozidi na kilichopungua, ukapata namba ya kati isiyohusu bidhaa yoyote. Ndiyo maana siku za akiba lazima zisomwe kwa bidhaa moja moja.

Tukaja kwenye unga. Kompyuta ilionesha mapolo 168. Katika siku 28 zilizopita yalikuwa yameuzwa mapolo 336, yaani 12 kwa siku. Kwa hiyo 168 kugawa kwa 12 ni siku 14.

Siku 14 ni nyingi au chache? Namba hiyo haina maana mpaka uipambanishe na muda wa mzigo kufika, na muda huo Pemba hauanzi wala hauishi pale unapodhani. Unaanza siku unayotoa oda na kulipa, unapitia kungoja nafasi kwenye meli, kuvuka kutoka Dar es Salaam au Unguja, kushusha Mkoani, gari mpaka Chake, na unaisha pale mzigo unapokuwa umehesabiwa na unaweza kuuzwa. Nilifungua daftari la mapokezi nikaandika safari kumi za mwisho. Nyingi zilichukua siku 7. Safari za wakati wa kusi, bahari ilipochafuka, zilifika siku 12. Nilichagua 12 kuwa mpaka wetu, si wastani. Anayepanga kwa wastani anakubali mapema kwamba kila meli ikichelewa ataishiwa.

Basi siku 14 dhidi ya 12. Karatasi ilionesha tuko salama kwa siku mbili, na mzee alitaka kungoja mpaka Jumanne ili aagize unga pamoja na mchele.

Hapo ndipo siku kavu zilipoingia. Siku kavu ni siku ambayo mteja wa kawaida akija hapati alichotaka. Nasema mteja wa kawaida kwa makusudi. Wenye tanuri za boflo huchukua mapolo kumi kwa mara moja, kwa hiyo ukibaki na mapolo mawili, kompyuta inasema unga upo, lakini kwa biashara yetu umekwisha. Tuliweka kiwango kwa kila bidhaa, na kwa unga ni mapolo kumi. Kijana wa ghala huweka alama jioni kwenye kalenda iliyobandikwa ukutani, na kazi hiyo haimchukui dakika tano.

Kalenda ilionesha kwamba katika zile siku 28, unga ulikuwa mkavu siku 7. Maana yake yale mapolo 336 hayakuuzwa kwa siku 28. Yaliuzwa kwa siku 21, na 336 kugawa kwa 21 ni 16 kwa siku. Siku 7 ambazo hatukuuza, wateja walikuwepo, sisi ndio hatukuwa na unga. Wastani wa 12 ulikuwa umepima uhaba wetu ukauita mahitaji yao. Kwa 16 kwa siku, mapolo 168 yanakwisha kwa siku 10 na nusu, na mpaka wetu ni 12. Tulikuwa tumeshachelewa.

Kosa hili linajilisha lenyewe. Bidhaa inaisha, mauzo yanashuka, wastani unashuka, siku za akiba zinaonekana nyingi, unaagiza kidogo, bidhaa inaisha tena. Ukiona bidhaa ambayo siku zake za akiba zinapendeza na wakati huohuo siku zake kavu ni zaidi ya mbili au tatu kwa mwezi, usiamini namba ya kwanza. Kwenye Excel nimeiandika hivi, `B2` ikiwa ni mapolo yaliyopo, `C2` yaliyouzwa ndani ya siku 28, na `D2` siku kavu:

```
=B2/(C2/(28-D2))
```

Ikitokea `#DIV/0!`, usiifute kwa haraka. Angalia `D2`. Ikiwa 28, bidhaa haikuwepo mwezi mzima. Ikiwa chini ya 28 na mzigo upo, hakuna aliyeununua, nao ukifikisha siku 60 hivyo unakwenda kwenye mstari wa mzigo uliolala.

Kuna upungufu mmoja wa hesabu hii. Meli ikifika baada ya siku kavu, siku ya kwanza huuza kupita kiasi, kwa sababu waliokuwa wakingoja wanakuja kwa pamoja. Siku ile tuliuza mapolo 40. Nikiitoa, yanabaki 296 kwa siku 20, yaani karibu 15 kwa siku. Mimi huitoa kila mara, kisha naona kama uamuzi unabadilika. Safari hii 168 kwa 15 ni siku 11 na kidogo, bado chini ya 12.

Kipimo cha tatu ni hesabu ya mkono. Hatuhesabu ghala zima kila wiki. Tunahesabu zile bidhaa kumi tu, mapema kabla muuzaji hajagusa kitu, na tunaandika ngapi kati ya kumi zimelingana na kompyuta, tukiruhusu tofauti ya asilimia 2. Wiki ile zililingana 7. Usijumlishe tofauti kwa shilingi, kwa sababu kilichozidi huku kinaficha kilichopungua kule. Mchele wa aina moja ulikuwa umezidi mapolo 6 na wa aina nyingine umepungua 6. Kwa shilingi ni karibu sufuri, lakini habari yake iko wazi: mtu alitoa aina moja akaandika nyingine, na mifuko yenyewe inafanana rangi.

Aina ya tofauti inasema zaidi ya ukubwa wake. Jozi ya kuzidi na kupungua sawa ni kuchanganya wakati wa kutoa. Pengo kubwa linalotokea ghafla baada ya mapokezi ni mzigo ulioandikwa kwa kufuata ankara, huku sehemu yake imebaki bandarini. Upungufu mdogo unaorudi kila wiki kwa bidhaa ileile ndio unaotaka kufuatiliwa kwa utulivu, kwa sababu unaweza kuwa panya, upimaji wa rejareja, au mkono wa mtu, na ukianza kwa kutuhumu hutapata jibu.

Unga ulikuwa mapolo 152, si 168. Kumi na sita yalikuwa yamelowa wakati wa kushusha siku ya mvua, yakawekwa pembeni nyuma ya tende, na hakuna aliyeyaandika. Basi 152 kwa 15 ni siku 10.

Namba ya kwanza ilisema 14. Ghala lilikuwa lilelile, asubuhi ileile.

Nilimpa mzee karatasi na kumweleza kama nilivyoeleza hapa. Aliuliza swali zuri: "Mzigo ulio njiani je, hauhesabiwi?" Kwenye siku za akiba hauhesabiwi, kwa sababu mteja hawezi kuchukua mapolo yaliyo baharini. Unahesabiwa pale unapoamua uagize kiasi gani. Sisi huagiza mara moja kwa wiki, kwa hiyo oda lazima ifunike siku 7 za kungoja oda ijayo na siku 12 za safari ndefu. Siku 19 kwa mapolo 15 ni 285. Toa 152 yaliyopo, na kilichopo njiani, ambacho wiki ile kilikuwa sufuri. Ikabaki 133, tukaagiza 135 siku ileile.

Wastani wa siku 28 huchelewa kuona mabadiliko. Mavuno ya karafuu yakianza na pesa kuingia mikononi mwa watu, unga na sukari hupanda ndani ya wiki moja, na karatasi haitakuonesha mpaka wiki ya tatu. Kwa Ramadhani, usilinganishe na mwezi uleule wa mwaka jana wa kizungu, kwa sababu Ramadhani hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka. Mimi hulinganisha Shaabani na Shaabani, na nimeongeza safu ya tarehe za Kiislamu kwenye daftari kwa kazi hiyo tu.

Kuhusu mzigo uliolala, tunaandika thamani ya kila kisichouzwa hata kimoja kwa siku 60, na hatuandiki zaidi ya hapo. Tende zilikuwa katoni 140. Mzee hakutaka kuzipunguzia bei mpaka nilipomwonesha kwamba zimekaa pale ambapo pangewekwa unga, na kwamba mapolo yaliyolowa yalipotea machoni petu kwa sababu yake. Aliziuza kwa bei ya kununulia kwa wauzaji wa Wete na Konde.

Meli ya unga ilifika siku ya 10. Asubuhi ile tulikuwa tumebaki na mapolo 14. Tungengoja Jumanne, kalenda ya ukutani ingepata alama tatu nyingine za siku kavu.