Je, serikali iliyo vitani inaweza kukataa chakula cha msaada kisiwafikie raia?

"Nchi ikiwa vitani, serikali yake ina haki ya kuyazuia malori ya chakula cha msaada? Na kama inayo, ni lini kuzuia huko kunageuka kuwa kosa la kuwaua raia kwa njaa?"

Haki hiyo ipo, lakini ni finyu kuliko serikali nyingi zinavyodai. Kuona ufinyu wake, tufuate kisa kimoja: mji wa Adre, mashariki mwa Chad, jirani na mpaka wa Sudan. Ukivuka hapo hufiki mbali kabla ya kuingia Geneina, makao makuu ya Darfur Magharibi.

Vita vya Sudan vilianza Aprili 2023 kati ya jeshi la serikali na wanamgambo wa RSF. Kufikia mwisho wa mwaka huo, RSF walikuwa wameshika sehemu kubwa ya Darfur, ukiwemo upande wa Sudan wa mpaka wa Adre. Februari 2024, serikali inayoongozwa na jeshi ikatangaza kwamba hairuhusu tena misaada ivuke kutoka Chad. Sababu iliyotolewa ni silaha: njia ile, ilisema, inawapitishia RSF zana za vita. Baadaye ikaruhusu kivuko cha Tine, kaskazini zaidi, kwenye eneo ambalo RSF hawakulishika. Mvua zilipoanza, mito ya msimu ikafurika na malori ya Tine yakakwama. Adre, njia fupi zaidi, ikabaki imefungwa kwa mashirika ya Umoja wa Mataifa kwa karibu miezi sita.

Tarehe 1 Agosti 2024, kamati ya wataalamu inayopima njaa duniani ilitangaza kwamba baa la njaa limeingia kambi ya wakimbizi wa ndani ya Zamzam, karibu na mji wa El Fasher, Darfur Kaskazini. Tangazo la aina hiyo halitolewi ovyo. Vipimo vyake ni vitatu: angalau familia 20 katika kila 100 ziwe zimekosa chakula kabisa, angalau watoto 30 katika kila 100 wawe na utapiamlo mkali, na watu wasiopungua 2 katika kila 10,000 wawe wanakufa kila siku kwa njaa au kwa maradhi yanayoandamana nayo. Wataalamu hao walitaja mapigano na kuzuiwa kwa misaada kuwa ndiyo sababu kuu.

Sasa tuiulize sheria. Sudan imejiunga na Mikataba ya Geneva, na tangu 2006 pia na Itifaki ya Pili ya Ziada ya mwaka 1977, inayohusu vita vya ndani ya nchi. Ibara ya 18 ya itifaki hiyo inasema kwamba raia wanapotaabika kupita kiasi kwa kukosa chakula na dawa, misaada isiyopendelea upande wowote itapelekwa, kwa ridhaa ya serikali husika. Maneno hayo ya mwisho, ridhaa ya serikali, ndiyo ambayo serikali hushikilia. Nyingi huyasoma kana kwamba yanazipa uhuru wa kusema hapana bila kuulizwa kwa nini.

Hayasomwi hivyo. Tangu mkutano ulioandika itifaki hizo, ilieleweka kwamba ridhaa haiwezi kunyimwa kiholela. Lau ingekuwa vinginevyo, ibara hiyo ingekuwa haina kazi, maana ibara ya 14 ya itifaki ileile inakataza kabisa kuwatesa raia kwa njaa kama mbinu ya vita. Mlango mmoja hauwezi kufungua kile ambacho mwingine umekifunga. Mwaka 2014 Baraza la Usalama lenyewe lilitamka, kuhusu Syria, kwamba kunyima misaada kiholela kunaweza kuwa uvunjaji wa sheria ya kimataifa ya kibinadamu.

Basi kiholela ni nini? Wanasheria wanaoshughulikia jambo hili hupitia maswali matatu. Kwanza, je, katazo lenyewe linavunja wajibu mwingine wa serikali, kwa mfano kwa kuwa limewekwa ili kuadhibu jamii fulani au kuwafukuza watu kwa njaa? Pili, hata kama sababu ni halali, je, katazo ni la lazima, na uzito wake unalingana na madhara yake? Tatu, je, uamuzi ulifikiwa kwa utaratibu unaoeleweka, ukatolewa sababu na kwa wakati, au maombi ya vibali yalilala mezani mpaka yakapitwa na wakati? Kukosa swali moja tu kunatosha kulifanya katazo kuwa la kiholela.

Usalama ni sababu halali, na hapo serikali ya Sudan ina hoja inayostahili kusikilizwa. Sheria inaipa serikali haki ya kukagua mizigo, kuchagua barabara na saa za kupita, na kudai uhakika kwamba chakula hakitaishia kwa wapiganaji. Kwa muda mfupi inaweza hata kusimamisha misafara kwenye barabara yenye mapigano. Lakini swali la pili linauma. Upande wa Sudan wa mpaka ulikuwa mikononi mwa RSF. Anayesafirisha silaha haombi kibali, na wala hasimami kwa amri ya serikali isiyo na askari hata mmoja pale kivukoni. Waliosimama ni wale wanaotii: mashirika ya Umoja wa Mataifa na malori yao. Katazo likawa limezuia unga na dawa, huku silaha zikibaki na njia yake. Na ukaguzi, ambao ni dawa ndogo ya tatizo lilelile, uliwezekana: katikati ya Agosti serikali ilikubali kukifungua kivuko kwa miezi mitatu ikakubaliana na Umoja wa Mataifa kuhusu utaratibu, siku chache baadaye malori ya kwanza yakavuka, na muda huo ukaongezwa tena. Kwa maoni yangu, kilichowezekana Agosti kilipaswa kujaribiwa Februari, na hapo ndipo katazo lile linapoonekana kuzidi mpaka wa sheria.

Msomaji makini atauliza: kama serikali haishiki mpaka, kwa nini ridhaa yake itafutwe? Umoja wa Mataifa hujibu kwamba itifaki inataja serikali, wala haitaji wanamgambo. Kwa hiyo mashirika yake husubiri, ingawa baadhi ya mashirika yasiyo ya kiserikali yaliendelea kuvuka Adre kwa kujibebea lawama. Njia pekee isiyopingika ya kuipita serikali ni azimio la Baraza la Usalama. Lilifanyika Syria Julai 2014, kwa azimio namba 2165 lililofungua vivuko vinne bila kungoja kibali cha Damasko. Mwaka 2020 vivuko hivyo vilipunguzwa hadi kikabaki kimoja, na Julai 2023 kura ya turufu ya Urusi ikaikomesha ruhusa ya hicho nacho. Kwa Sudan, azimio la namna hiyo halikupitishwa.

Katika ukaliaji, ambapo dola moja inashika ardhi isiyo yake kwa nguvu za kijeshi, nafasi ya kukataa haipo kabisa. Ibara ya 59 ya Mkataba wa Nne wa Geneva inaiamuru dola hiyo ikubali misaada pale watu wanapopungukiwa. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilisisitiza wajibu huo kuhusu Gaza katika maoni yake ya Oktoba 2025.

Turudi Darfur, maana Zamzam haikufa njaa kwa sababu ya kivuko kimoja. El Fasher na kambi zake zilikuwa zimezingirwa na RSF, na hata Adre ilipofunguliwa, msafara wa chakula ulifika Zamzam Novemba tu. Juni 2024 Baraza la Usalama lilikuwa limewataka RSF waache kuuzingira mji huo. Hawakuacha. Mwaka uliofuata wakauzungushia kuta za udongo, na watu waliokuwa ndani wakawa wanakula ambazi, yaani makapi ya karanga yaliyokamuliwa mafuta, ambayo kwa kawaida hulishwa mifugo.

Kuuzingira mji wenye askari wa adui si kosa kwa chenyewe, na sheria inaruhusu kuwakatia askari chakula. Kosa linaanzia pale ambapo raia wamo humohumo, hawaachwi watoke, na chakula chao hakiachwi kiingie. Wanamgambo hawana cheo cha serikali wala kura ya ridhaa, lakini wanafungwa na katazo la njaa sawasawa na jeshi.

Tofauti moja hupotoshwa mara nyingi. Kunyima ridhaa kiholela ni uvunjaji wa sheria unaoiangukia dola. Kosa la jinai, lile la kumpandisha mtu kizimbani, linahitaji zaidi: nia ya kutumia njaa kama silaha. Nia haisemwi kila mara kwa mdomo, ila huacha alama. Anayechunguza huangalia kama wakuu walikwisha kuonywa kuhusu vifo na wakaendelea, kama kulikuwa na njia nyepesi waliyoikataa, kama bidhaa za kibiashara zilipita huku za msaada zikizuiwa, kama visima, mashamba na masoko navyo viliharibiwa. Alama moja peke yake haitoshi. Zikikusanyika kwa miezi, mahali palepale, dhidi ya watu walewale, utetezi wa ajali au uzembe unakosa pa kusimama.

Kwa Darfur kuna pengo ambalo linaniuma. Mkataba wa Roma, unaoongoza Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu wa Jinai, ulipoandikwa mwaka 1998 ulitaja kosa la kuwanyima raia chakula kwa vita vya kati ya mataifa pekee. Vita vya ndani viliongezwa Desemba 2019, na marekebisho hayo yanazifunga nchi zilizoyaridhia tu. Sudan si mwanachama wa mkataba huo. Mamlaka ya mahakama juu ya Darfur yanatokana na azimio la Baraza la Usalama la mwaka 2005, ambalo halikuja na kosa hilo jipya. Kwa hiyo mwendesha mashtaka anayeitazama El Fasher analazimika kupitia mlango mwingine, wa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Humo, kuangamiza watu kunajumuisha kuwanyima chakula na dawa kwa makusudi ya kuua sehemu ya jamii. Mzigo wa ushahidi huko ni mzito zaidi, kwa sababu lazima athibitishe kwamba kulikuwa na shambulio pana au la mpango dhidi ya raia, na kwamba kunyimwa chakula kulikuwa sehemu yake. Ndiyo maana nakala za vibali vilivyokataliwa, tarehe za misafara iliyorudishwa na majina ya waliotia saini vinapaswa kuhifadhiwa tangu sasa na mashirika yanayozishika, kabla hazijateketea pamoja na ofisi zilizomo.