Thawabu Hazitumwi Kama Pesa: Dhana Potofu Kuhusu Sadaka za Wabudha

Kazi yangu ni kuongoza wageni wanaozungumza Kiswahili mjini Bangkok, wengi wao wafanyabiashara. Alfajiri tukiwapita watu wanaowapa watawa chakula, hakosi mmoja wa kuwaeleza wenzake mambo yasiyo kweli. Nimechoka kurudia majibu yaleyale, basi nayaandika.

Dhana: Unampa mtawa chakula, thawabu zinamfikia marehemu kama pesa ya simu, na wewe unapungukiwa.

Hii ndiyo inayonikera kuliko zote. Katika Ubudha wa Theravada, unaofuatwa Thailand, Sri Lanka na Myanmar, thawabu huzaliwa na nia ya mtu anapotenda. Tendo likishatendwa ni la mtendaji, wala hakuna awezaye kumkatia mwenzake kipande. Kinachotolewa ni nafasi ya kulifurahia. Anayesikia kwamba fulani ametenda wema, akaufurahia moyoni bila kijicho, naye ametenda wema wake mwenyewe, na thawabu anazopata zinatokana na furaha hiyo. Kufurahia huko huitwa anumodana.

Mafundisho yao yanataja matendo kumi yanayoleta thawabu. Kushirikisha wengine wema wako ni mojawapo, na kuufurahia wema wa mwingine ni jingine. Kwa hiyo anayegawa hapungukiwi, bali anaongeza tendo la pili juu ya lile la kwanza.

Kwa walio hai jambo hili ni rahisi kuliona. Mama akirudi hekaluni humwambia jirani kwamba amemwekea sehemu ya wema wake, na jirani hukutanisha viganja na kusema "sathu", yaani vyema. Jirani akinuna hapati kitu, hata mama angetoa sadaka ya namna gani.

Kwa wafu kuna sharti zaidi, na hapo ndipo wageni wangu hushangaa. Bramini mmoja, yaani mtu wa tabaka la makuhani wa India, aitwaye Janussoni alimuuliza Buda kama sadaka huwafikia ndugu waliokufa. Buda alimjibu kwamba huwafikia walio mahali panapofaa tu. Aliyezaliwa tena binadamu, mnyama, mungu au kiumbe wa motoni anaishi kwa chakula cha huko aliko. Anayenufaika ni peta, kiumbe mwenye njaa anayewategemea jamaa zake wamkumbuke. Je, marehemu uliyemkusudia asipokuwa huko? Watanufaika jamaa wengine walioko huko. Na ikitokea hakuna hata mmoja, mtoaji mwenyewe hakosi matunda yake.

Kisa wanachopenda kukisimulia ni cha Mfalme Bimbisara wa Magadha, ufalme wa kale wa India. Aliwalisha Buda na watawa, lakini hakuwataja ndugu zake waliokufa. Usiku ule walilia kwa sauti za kutisha ndani ya jumba lake. Kesho yake akatoa tena maji, chakula na nguo, kila mara akitamka kwamba jambo hilo liwe la ndugu zake, nao papo hapo wakapata maji, chakula na nguo za kwao. Chakula chenyewe kililiwa na watawa, lakini ndugu waliguswa na kule kutajwa, wakafurahi.

Ukitaka kuliona jambo hili kwa macho, usihangaike na kamera, tazama maji. Baada ya sadaka mtoaji hushika chombo kidogo na kumimina maji polepole kwenye bakuli, akiwataja wafu wake kimoyomoyo. Mtawa mkuu huanza peke yake kughani kwamba kama mito ijazavyo bahari, ndivyo kinachotolewa hapa kinavyowafaa waliotangulia. Watawa wengine wakijiunga kughani, mtoaji humalizia maji yote na kukutanisha viganja. Kisha maji hayo humwagwa chini ya mti. Desturi hii huitwa kruat nam.

Dhana: Watawa ni ombaomba.

Hawaombi. Sheria yao inawakataza kujiombea chakula kwa maneno isipokuwa wakiwa wagonjwa. Wanapita kimya, miguu mitupu, wanapokea kinachotiwa bakulini, wala hawaweki akiba ya chakula hadi kesho. Baada ya adhuhuri hawali tena. Tena hawasemi asante, na mtoaji hakasiriki, maana anaona yeye ndiye aliyepewa nafasi. Ndiyo sababu anavua viatu na kupiga magoti.

Dhana: Sadaka kubwa, thawabu kubwa.

Nia ndiyo inayotazamwa kabla ya kutoa, wakati wa kutoa na baada ya kutoa. Aliyetoa karamu kisha akaijutia amejiharibia mwenyewe.

Dhana: Ni haramu kumpa mtawa nyama.

Wa Theravada huipokea, mradi hajaona, hajasikia wala hashuku kwamba mnyama alichinjwa kwa ajili yake. Kinachokatazwa na sheria yao ni kupokea pesa, kwa hiyo nawasihi wageni wangu: noti yako usiitie bakulini. Nunua wali wa moto kwa mama muuzaji aliye kando ya barabara, vua viatu, utie, unyamaze.