Mmeitwa kikao cha familia cha tiba shufaa: nani aje, na mje na nini

Nesi wa tiba shufaa amenipigia, anataka ndugu tukutane hospitalini Jumamosi kuhusu mama. Ndiyo kusema wameshamkatia tamaa?

Hapana. Mara nyingi wito kama huo huja pale hali inapobadilika: dawa hazishiki tena maumivu, mgonjwa hawezi kula, au kuna uamuzi mbele yenu ambao si haki kumwangushia mtu mmoja akiwa amesimama koridoni. Tiba shufaa inashughulika na maumivu, kutapika, kukosa usingizi, hofu, na uchovu wa wanaouguza. Inaweza kwenda pamoja na matibabu mengine. Mgonjwa wa saratani ya koo la chakula anaweza kupelekwa mionzi ili tu aweze kumeza uji na mtori mwepesi. Ugonjwa hautaisha kwa mionzi hiyo, lakini kumeza kwenyewe ni jambo kubwa.

Mkikutana mtasikia maelezo yaleyale kwa wakati mmoja, kutoka kwa mtu mmoja. Mtasikia mama anataka nini. Kisha mtapanga nani atafanya nini nyumbani. Ikiwa ugonjwa umefika mahali ambapo hautapona, mtaambiwa hapo, kwa lugha ya wazi na bila haraka, na mtapewa nafasi ya kunyamaza na kulia kabla ya kuendelea.

Nani aje? Ukoo wetu ni mkubwa, tukiita wote Kibosho nzima itashuka Moshi mjini.

Watu sita hadi wanane wanatosha, na wa kwanza kuulizwa ni mama mwenyewe: angependa nani wawepo, na je, yeye angependa kukaa humo ndani? Upande wetu wa hospitali kwa kawaida huwa daktari, nesi wa tiba shufaa na ofisa ustawi wa jamii. Padri, mchungaji au shehe anakaribishwa mgonjwa akimtaka.

Watu wanaosahaulika zaidi ni wawili: mgonjwa, na yule anayelala naye chumba kimoja. Huyu wa pili naomba nimsemee kwa urefu, maana bila yeye tunapanga tiba gizani. Chukueni familia ya mfano. Wana wamekaa kwenye viti, na mkubwa wao aliyefika jana anatuambia, "Mama analala vizuri." Mkwe, mke wa kitinda mimba, yuko nje kwenye benchi na chupa ya chai, kwa sababu hakuna aliyemwambia aingie. Anapoitwa anasema kwa sauti ya chini: "Kila usiku anaamka. Ikifika saa 8 anakaa kitandani amekumbatia mto mpaka alfajiri. Ananikataza nisiamshe watu."

Hapo tunauliza morfini ya maji inatolewa saa ngapi. Kumbe anapewa pamoja na chakula: saa 1 asubuhi, saa 7 mchana na saa 2 usiku. Morfini hiyo nguvu yake ni ya takribani saa nne, kwa hiyo kuanzia usiku wa manane mama hana kitu mwilini. Walikuwa wameanza kudhani dawa imeshindwa. Daktari anapanga upya: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni, na saa 4 usiku, hiyo ya mwisho ikiwa mara mbili ya kawaida ili alale bila kuamshwa. Anaongeza na dawa ya kulainisha choo, kwa kuwa morfini hufunga choo. Mpango huo umetoka kwenye mdomo wa mtu aliyekuwa nje. Tafadhali msijaribu kubadilisha vipimo wenyewe kwa kusoma hapa. Kila mgonjwa anapangiwa chake.

Mama hajui kama ni saratani. Sisi watoto tumekubaliana tusimwambie. Mtamwambia?

Hatumrushii habari. Kabla ya kikao tunamwuliza akiwa peke yake: "Mama, unauelewaje ugonjwa wako? Ungependa tukueleze yote, au tuzungumze na mtu fulani?" Wapo wanaojibu, "Ongeeni na mwanangu," na tunaheshimu hilo. Wengi, hata hivyo, wameshajua siku nyingi. Wameona wodi waliyolazwa, wameona nyuso zenu mkitoka kwa daktari, nao wananyamaza ili kuwalinda ninyi.

Nawaelewa mnaoficha, mnafanya kwa upendo. Lakini siri hiyo inamfungia mama milango. Anashindwa kusema nani aitwe, angependa kuuguzwa wapi, ana neno gani kuhusu kihamba, yaani shamba la ukoo, na kama anataka kuungama. Kwa hiyo akituuliza sisi moja kwa moja, hatutamdanganya. Tutamjibu taratibu, kwa kadiri anavyotaka kujua.

Tujiandae vipi? Tuje na nini?

Njooni na dawa zote kwenye mfuko mmoja, pamoja na kadi ya kliniki na karatasi za vipimo. Dawa zote ni pamoja na za mitishamba na zile alizopewa na jirani. Hakuna atakayewagombeza, tunataka kujua kama kuna inayomtapisha au inayogongana na za hospitali.

Kwa siku tatu kabla ya kikao, anayemuuguza aandike kwenye daftari saa ambazo maumivu yalikuja, na ukubwa wake kwa vidole. Mama aoneshe mwenyewe: ngumi iliyofungwa ni hakuna maumivu, vidole vitano ni maumivu yasiyovumilika. Aandike pia alichoweza kumeza na siku aliyopata choo. Daftari hilo linatusaidia kuliko maneno "anaumwa sana".

Ndugu mkitaka kukaa wenyewe kwanza, kaeni, na kila mmoja aje na swali lake. Zungumzeni ukweli kuhusu fedha: nani anaweza kutoa nini kwa wiki bila kukopa. Msije tu na uamuzi uliokwisha kufungwa, na mgogoro wa shamba uwekeni siku nyingine.

Kaka mkubwa yuko Dar na hawezi kufika. Ndiye anayelipa kila kitu, na bila yeye hakuna linaloamuliwa.

Basi awepo kwa simu, iwekwe spika mezani tangu mwanzo. Mwambieni siku na saa mapema aombe ruhusa kazini. Tumeshaona mpango mzuri ukivunjika baada ya siku chache kwa sababu mtu ambaye hakusikia maelezo amefika na gari kumhamisha mgonjwa hospitali nyingine, mgonjwa mwenyewe hajaulizwa.

Mwisho wa kikao tunaandika karatasi moja yenye majina: nani anatoa dozi ya saa 4 usiku, nani anampokea anayemuuguza angalau usiku mbili kwa wiki ili naye alale, nani anafuata morfini kabla chupa haijaisha (inahitaji cheti cha daktari, haiuzwi dukani kiholela), na nani peke yake anayezungumza na sisi kwa niaba ya familia. Ipigeni picha muitume kwenye kundi la familia siku hiyohiyo. Namba ya kupiga usiku iandikwe juu kabisa, na msingoje siku ya kliniki mkiona mojawapo ya haya: mama haamki vizuri mkimwita, pumzi zimekuwa chache kuliko kawaida, siku tatu zimepita bila choo, au maumivu yamerudi kabla ya saa ya dozi inayofuata.